Nilivyojifunza kugeuza notsi za wiki kuwa shajara inayosema ukweli

Tulipewa kazi ya kuandika shajara ya kujifunza kila wiki kwenye somo la takwimu, ukurasa mmoja tu, na mimi nikaona hii ndio rahisi kuliko zote maana notsi ninazo, naandika vizuri, kila lekcha natoka na kurasa 4 au 5 zimejaa. Kwa hiyo wiki ya kwanza mpaka ya tano nilichofanya ni kuzichukua zile notsi, kuzifupisha, kuweka sentensi mbili za mwisho kwamba mada ilikuwa ya kuvutia ila ngumu kidogo na nitaisoma zaidi, basi, natuma. Wiki ya tano madam akanirudishia na mstari mmoja tu kwa kalamu chini ya ukurasa: "Hizi ni notsi. Wewe uko wapi humu?"

Niliumia kwa kweli. Nilikaa na ile karatasi siku mbili nikijaribu kuelewa anataka nini, nikadhani labda anataka hisia, niandike nilivyojisikia darasani. Kuna fomu tulipewa mwanzoni ya mzunguko wa tafakuri wa Gibbs wa mwaka 1988, ule wenye hatua sita: kueleza kilichotokea, hisia, tathmini, uchambuzi, hitimisho, na mpango wa utekelezaji, na wengi wetu tuliishia kuijaza ile hatua ya hisia mpaka inafurika halafu uchambuzi unapata mstari mmoja. Nikamfuata ofisini nikamuuliza, madam, nikuandikie nilivyojisikia? Akasema hapana, niandikie kitu ambacho jumatatu ulidhani unakijua na ijumaa ukagundua hukijui, na unionyeshe umegunduaje. Hilo neno "umegunduaje" ndilo lililobadilisha kila kitu, kwa sababu nikajiuliza nikakuta sina njia yoyote ya kugundua. Nilikuwa nasoma notsi zangu, naona maneno ninayoyajua, nafunga daftari nikiwa na amani.

Hii amani ndio shida yenyewe. Ukirudia kusoma kitu ulichokiandika wewe kinakuwa kimekuzoea na wewe umekizoea, na akili inachukua ule mazoea inakwambia umeelewa. Kuna jaribio moja la wanasaikolojia Roediger na Karpicke, mwaka 2006, wanafunzi walisoma vifungu vya maandishi, kundi moja likarudia kusoma, lingine likajaribu kukumbuka bila kuangalia. Walipopimwa baada ya dakika 5 waliorudia kusoma walifanya vizuri zaidi, lakini walipopimwa baada ya siku 2 na baada ya wiki 1 mambo yakageuka, waliojaribu kukumbuka ndio walikuwa mbele. Mimi nilikuwa naandika shajara jioni ya siku ileile ya lekcha, yaani nipo kwenye zile dakika 5, nilikuwa najipima mahali ambapo kila mtu anaonekana anajua.

Kwa hiyo wiki ya sita nikabadilisha mambo mawili. La kwanza, sikuandika siku ya lekcha. Lekcha ilikuwa jumanne, nikasubiri mpaka alhamisi jioni. La pili, kabla sijafungua daftari nikachukua karatasi tupu, nikaweka dakika 10 kwenye simu, nikaandika kila nilichokumbuka bila kuchungulia. Sio vichwa vya habari, sentensi kamili, kama namweleza mtu ambaye hakuwepo darasani. Hapo kwenye sentensi kamili usipaone padogo. Ukiandika tu "kosa sanifu" na fomula pembeni unaweza ukapita bila kushikwa. Ukilazimika kuandika sentensi yenye kitenzi, yenye nani na nini, uongo unajitokeza wenyewe.

Mada ya wiki ile ilikuwa tofauti kati ya mchepuko sanifu na kosa sanifu, na yale masafa ya asilimia 95 tunayoyapata kutoka kwenye kosa sanifu. Kwa ambaye hajasoma takwimu niseme kwa ufupi tu: mchepuko sanifu unaonyesha watu mmoja mmoja wametawanyika kiasi gani kutoka kwenye wastani, na kosa sanifu linaonyesha ule wastani wenyewe ungeyumba kiasi gani kama ungerudia kuchukua sampuli nyingine na nyingine. Mfano wa darasani ulikuwa alama za mtihani za wanafunzi 25, wastani 62, mchepuko sanifu 10. Hesabu ni hii:

```
kosa sanifu = 10 ÷ √25 = 10 ÷ 5 = 2
masafa      = 62 ± (2 × 2) = 58 hadi 66
```

Ile 2 ya pili kwenye mstari wa chini ni 1.96 iliyokadiriwa, wote tulikubaliana kutumia 2 ili hesabu iende haraka. Sasa kwenye karatasi yangu tupu hesabu yote niliipata. Nilikumbuka kizizi, yaani kipeuo cha pili, nilikumbuka kugawanya, nilipata 58 na 66, nikafurahi. Halafu nikaandika sentensi ya kueleza maana yake: "Kwa hiyo asilimia 95 ya wanafunzi wamepata kati ya 58 na 66." Nikaweka nukta nikaendelea na mada nyingine.

Dakika 10 zilipoisha nikafungua notsi kulinganisha, kalamu nyekundu mkononi. Na hapa ndio nikaona kitu ambacho sikukitegemea: notsi zangu hazikuwa na kosa lolote. Fomula ilikuwepo, mfano ulikuwepo, 58 na 66 zilikuwepo, zimepigiwa mstari kabisa. Ila hakukuwa na sentensi hata moja inayosema zile namba zinamhusu nani. Nilikuwa nimenakili kila kitu kilichoandikwa ubaoni na sikuandika alichokisema kwa mdomo. Kwa hiyo hata kama ningezisoma notsi zile mara 20 nisingejua kwamba nimekosea, maana zilikuwa kimya palepale pa kosa langu.

Nilijuaje basi? Kwa bahati tulipewa orodha yenyewe ya zile alama 25. Nikachukua penseli nikaanza kuzungushia kila alama iliyo kati ya 58 na 66, nikitegemea kuzungushia kama 24 hivi maana asilimia 95 ya 25 ni karibu 24. Nikazungushia 8. Nikarudia kuhesabu nikidhani nimeruka mstari, 8 tena. Kulikuwa na 44, kulikuwa na 79, kulikuwa na 81, watu wametapakaa huku na huku na kale kaduara kangu kamebana katikati. Nikaiangalia ile sentensi niliyoiandika kwa amani yote dakika chache zilizopita, na hiyo ndio ilikuwa mara yangu ya kwanza kwenye lile somo kujua kwa hakika nisichokijua.

Sasa kishawishi kinachokuja hapohapo ni kufuta. Unafuta ile sentensi, unaandika iliyo sahihi, unapata ukurasa msafi. Usifute. Nilikuwa nimeshashika ufutio kabisa nikakumbuka maneno ya madam kwamba anataka kuona nimegunduaje, nikaacha. Shajara inayofuta makosa inarudi kuwa notsi. Ile sentensi mbovu ndio malighafi yenyewe, kwa sababu inaonyesha akili yako ilikuwa inafikiria nini, na ukishajua ilikuwa inafikiria nini unaweza kuuliza kwa nini.

Na hili swali la kwa nini ndilo lililonichukua muda mrefu kuliko yote, kama nusu saa nzima. Jibu la haraka ni "sikuwa makini" na ni jibu lisilosaidia chochote, huwezi kulifanyia kazi. Nikarudi nyuma kwenye notsi za wiki ya nne nikakuta chanzo. Wiki ya nne tulifundishwa ule mchoro wa kengele, na kwamba data zikifuata umbo lile, karibu asilimia 95 ya watu wanaangukia ndani ya michepuko sanifu 2 kutoka kwenye wastani. Wiki ya sita ikaja 95 ileile, na 2 ileile, na mchoro uleule wa kengele kwenye slaidi. Mimi nikaziona kama kitu kimoja. Ila kengele ya wiki ya nne ni ya watu, na kengele ya wiki ya sita ni ya wastani za sampuli nyingi ambazo hatujazichukua, tunaziwazia tu. Kwa watu, hesabu ni 62 ± 20, yaani 42 hadi 82, na nilipozungushia hizo kwenye orodha nikawapata 24. Kwa wastani ni 58 hadi 66. 95 mbili tofauti, nilizichanganya kwa sababu zilivaa nguo moja.

Nimeeleza kwa kirefu kwa sababu pengo lenyewe lina aina yake, na aina ndio inakuamulia hatua ya kufuata. Kwa uzoefu wangu mapengo mengi ya notsi yanaangukia sehemu tatu. Kuna pengo la kukosa, yaani kitu hakipo kabisa kwenye notsi, ulipitwa, labda slaidi ilibadilishwa haraka, hapo dawa ni kutafuta slaidi au notsi za mwenzio, dakika 5 umemaliza wala halihitaji tafakuri. Kuna pengo la kushindwa kufanya, unaelewa maelezo ila ukipewa swali mkono hauendi, hapo dawa ni maswali, matatu manne, basi. Halafu kuna pengo la kuchanganya kama langu, ambapo unadhani unajua na una uhakika kabisa, na hili kusoma zaidi halilitibu maana kila unachokisoma unakiweka kwenye kapu lilelile bovu. Hili linataka mfano unaotenganisha vitu viwili mbele ya macho yako. Mimi wiki tano nzima nilikuwa naandika "nitasoma zaidi" kwa kila kitu, dawa moja kwa magonjwa yote.

Basi nikaandika shajara ya wiki ya sita hivi, naiweka kama ilivyokuwa, nimeondoa tu mistari miwili isiyo na maana kwa mtu mwingine:

"Nilichoandika bila kuangalia notsi: kosa sanifu ni mchepuko sanifu ukigawanya kwa kizizi cha idadi. Kwa wanafunzi 25, wastani 62, mchepuko 10, kosa sanifu ni 2, masafa ni 58 hadi 66. Kwa hiyo asilimia 95 ya wanafunzi wamepata kati ya 58 na 66.

Nilivyojua sentensi ya mwisho si kweli: nimehesabu kwenye orodha, walio kati ya 58 na 66 ni 8 kati ya 25.

Kwa nini nilidhani hivyo: nimechukua kanuni ya wiki ya 4 inayohusu watu nikaibandika kwenye wastani. Namba 95 na 2 zinafanana sehemu zote mbili. Notsi zangu zina hesabu, hazina sentensi ya maana.

Ninachoelewa sasa: 58 hadi 66 ni masafa ya kukadiria wastani wa kundi kubwa ambalo hawa 25 wametoka. Hayasemi mwanafunzi mmoja mmoja kapata ngapi.

Ambacho bado sikielewi: kwa nini wastani uyumbe kidogo kuliko watu, na kwa nini ni kizizi na sio idadi yenyewe. Naweza kuikariri fomula ila siwezi kumshawishi mtu.

Hatua: kabla ya jumanne nitaandika alama 40 kwenye vikaratasi, nichomoe 4, nipige wastani, mara 20. Halafu nichomoe 16, mara 20. Kama fomula ni kweli, mtawanyiko wa wastani za 16 uwe nusu ya ule wa 4, kwa sababu kizizi cha 4 ni 2 na kizizi cha 16 ni 4. Nisipopata nusu, niandike nilichopata."

Maneno yake hayafiki hata 250, wakati notsi zilikuwa kurasa 4. Mada nyingine tatu za lekcha ile sikuzigusa kabisa. Hili lilinitia wasiwasi mwanzoni, nikaona kama nimeiibia shajara, lakini kiukweli mada zile nilizipata sawa kwenye karatasi tupu, sasa niandike nini? Wiki iliyofuata nilijaribu kuweka mapengo matano kwa pamoja nikapata ukurasa wa malalamiko matupu, hakuna hata moja lililofanyiwa kazi. Sasa hivi natafuta moja kubwa, nikizidi sana mawili, mengine nayaandika kwenye orodha ya pembeni kwa mstari mmoja mmoja yasubiri zamu.

Angalia pia ile hatua ilivyoandikwa maana hapo wengi tunaanguka. Ina siku ya mwisho, ina kitendo ambacho mtu anaweza kuniona nikikifanya, na kubwa zaidi ina jibu linalotarajiwa kabla sijaanza: nusu. Bila ile "nusu" ningechomoa vikaratasi, ningeona namba fulani, ningesema sawa nimeelewa. Jibu lililotabiriwa linakupa nafasi ya kushangaa, na kushangaa ndio kunakoonyesha pengo jipya. Kuna yale maswali matatu ya kutafakari ya Borton ya mwaka 1970, nini, kwa hiyo nini, sasa nini, ambayo wengi wanayapenda kwa ufupi wake na mimi pia nayapenda, ila hilo la "sasa nini" peke yake linakuacha ujibu "nitafanya mazoezi" ukaishia hapo. Mimi naliongezea: nitajuaje kwamba limeisha?

Jumamosi nikakaa na vikaratasi vyangu. Nilikata karatasi 2 za daftari, nikaandika alama 40 kuanzia 35 mpaka 90, nikakunja, nikaweka kwenye bakuli. Mtawanyiko wa zile 40 zenyewe, mchepuko sanifu, ulikuwa 12. Kwa hiyo kwa fomula, wastani za 4 zitawanyike kwa 6 na wastani za 16 zitawanyike kwa 3. Nilikuwa nimepanga dakika 40, ilichukua zaidi ya saa 2 na mgongo unauma, kuchomoa 16 mara 20 ni vikaratasi 320 na kila mara unapiga wastani, kwa hiyo kama unapanga hatua kama hii piga hesabu ya muda kabla au fanya kwenye kompyuta. Ila sijutii kufanya kwa mkono, kwa sababu nilikiona. Ukichomoa 4 unaweza kupata 41, 38, 52, 45, wastani unaanguka chini kabisa. Ukichomoa 16 ni vigumu sana zote ziwe za chini, karibu kila mara zitatoka na za juu humohumo zinavutana, zile za 85 zinazibeba za 40, wastani unakataa kuondoka katikati. Lile swali la kwa nini wastani unayumba kidogo kuliko watu lilijijibu mikononi mwangu kabla hata sijamaliza.

Halafu nikapiga hesabu ya mwisho. Wastani za 4 zilitawanyika kwa 5.7, karibu na 6, sawa. Wastani za 16 zilitawanyika kwa 2.3. Nilitegemea 3. Sio nusu, ni kama asilimia 40. Nikarudia hesabu kwa kikokotoo, 2.3.

Ningekuwa bado naandika kama zamani ningesema imekaribia, tuendelee. Ila nilishaandika kwenye shajara "nisipopata nusu, niandike nilichopata", kwa hiyo nikaandika. Shajara ya wiki ya saba ikaanza na mistari hii kabla ya kitu chochote cha lekcha mpya:

"Hatua ya wiki iliyopita: nimefanya. Pengo la kwa nini wastani unayumba kidogo: limefungwa, naweza kulieleza bila fomula (za juu na za chini zinavutana ndani ya sampuli moja). Pengo la kizizi: halijafungwa. Nilitabiri 3, nimepata 2.3. Kwa sampuli za 4 imekubali, kwa sampuli za 16 imekataa. Ninashuku ni namna nilivyochomoa, maana nilichomoa 16 zote kwa mpigo bila kurudisha kikaratasi bakulini. Sijui kwa nini hilo liwe na shida."

Huu utaratibu wa kuanza na deni la wiki iliyopita niliuchukulia kama kitu kidogo lakini ndio unaofanya shajara iwe kitu kimoja badala ya kurasa 14 zisizojuana. Kama wiki ya saba haiulizi wiki ya sita, hatua zote unazoandika ni ahadi hewa na wewe mwenyewe unazijua ni hewa ukiwa unaziandika. Na hakuna ubaya kuandika "sijafanya". Niliandika hivyo wiki mbili, na sababu. Wiki moja sababu ilikuwa hatua yenyewe ilikuwa kubwa mno, nikaikata nusu, ikafanyika.

Jumanne nilimsubiri madam baada ya lekcha. Wiki za nyuma nikienda kwake nilikuwa nasema "madam sijaelewa kosa sanifu" naye anaanza kueleza kutoka mwanzo, dakika 10 za vitu ninavyovijua, halafu muda unaisha. Safari hii nikasoma kutoka kwenye shajara:

"Shikamoo madam. Nina vikaratasi 40, mchepuko sanifu 12. Nikichomoa 16 bila kurudisha wastani zinatawanyika kwa 2.3, nilitegemea 3. Nikichomoa 4 inakubali. Je, ni kwa sababu sirudishi?"

Akaitikia, akaniangalia kidogo, akaweka begi lake mezani. Akaniuliza swali moja tu: "Ungechomoa zote 40 kila mara, wastani zako 20 zingetawanyika kwa kiasi gani?"

Nikafikiri. Nikasema zisingetawanyika kabisa madam, kila mara ningepata wastani uleule.

"Sasa 16 ni karibu nusu ya 40. Na 4?"

Nikaelewa palepale. Ukichomoa 16 kati ya 40 bila kurudisha umeshalijua karibu nusu ya bakuli zima, kilichobaki cha kuyumbisha wastani ni kidogo, ndio maana ilibana zaidi ya fomula. Ukichomoa 4 ni moja ya kumi tu, haina athari kubwa. Fomula tuliyopewa inachukulia bakuli ni kubwa sana au unarudisha kila kikaratasi kabla ya kuchomoa kingine. Akaniambia kuna marekebisho ya kuzidisha kwa bakuli dogo, akayaandika kwenye ukingo wa shajara yangu, idadi yote toa sampuli, gawanya kwa idadi yote toa moja, chukua kizizi:

```
√((40 − 16) ÷ (40 − 1)) = 0.78
3 × 0.78 = 2.3
```

2.3 ileile. Yale mazungumzo hayakufika dakika 4.

Jioni nilirudia kuchomoa, safari hii narudisha kila kikaratasi na kutikisa bakuli kabla ya kuchomoa kingine, nikafanya kwenye kompyuta zile za 16 maana mgongo ulishakataa. Nikapata 6.2 na 2.9. Nikafungua ukurasa wa wiki ya saba nikaongeza chini kwa kalamu nyingine: "Nusu imepatikana. Pengo la kizizi: nimeona kwamba ni kizizi, bado siwezi kuonyesha kwa nini kwa hesabu. Hatua: kabla ya jumanne ijayo, niandike mtawanyiko wa jumla ya namba 2 zisizotegemeana, halafu 3, nione kama mraba wa mchepuko unajumlishika. Nitajua limeisha nikiweza kuipata √n, yaani kizizi cha idadi, kwenye karatasi tupu bila kugusa daftari."